Kupima dadu ya ludo kwa kai-mraba, kuanzia picha ya kaye

Kwenye ludo, sita ndiyo inayofungua mlango. Kete haitoki nyumbani mpaka sita itokee, na aliyeipata anarusha tena. Ndiyo maana ugomvi wa mezani huanzia hapo: mmoja anatoa kete zote nne haraka haraka, mwingine anakaa raundi nane bila kusogea, na mara dadu inaanza kutajwa kwa jina baya. Kuishika mkononi na kuipima kwa macho hakutoshi. Inabidi irushwe mara nyingi, kila uso uhesabiwe, halafu hesabu izungumze.

Hesabu hiyo ni jaribio la kai-mraba, ambalo waliosoma kwa Kifaransa huko Goma wanaliita ki-de. Tutalifuata katika mfano mmoja tangu mwanzo hadi hukumu. Dadu imerushwa Birere, matokeo yameandikwa katika kaye, kaye imepigwa picha, na picha imetumwa kwa mwalimu wa hesabu aliye Himbi pamoja na maneno haya: "Mwalimu, watu wanasema hii de haiko sawa. Tumeitupa mara 180. Utuangalilie kama ni kweli." Mwalimu hana dadu, ana picha tu. Kazi yake ya kwanza, kabla ya fomula yoyote, ni kuisoma picha hiyo bila kosa.

Kabla ya kurusha

Idadi ya mirusho ipangwe mapema na iandikwe juu ya ukurasa. Hapa ni 180, na si 180 "au mpaka tuone". Ukirusha huku unachungulia matokeo, ukaacha pale yanapokupendeza, asilimia zote zitakazotajwa hapa chini hazina maana tena, kwa sababu zimekokotolewa kwa mtu aliyeamua idadi kabla ya kuanza.

Dadu iwekwe katika kikombe, itikiswe, imwagwe juu ya meza iliyonyooka yenye kitambaa chembamba. Usirushie juu ya jiwe la lava wala sakafu yenye mashimo, maana dadu itasimama kwa kuegemea na watu watabishana imeonyesha nini. Kanuni ya mrusho wa namna hiyo nayo iwekwe mapema: dadu iliyoegemea kitu au iliyoanguka chini haihesabiwi, inarushwa upya, hata kama kila mtu anaona wazi kwamba ni sita. Mmoja arushe na kutaja namba kwa sauti, mwingine aandike.

Kupiga picha ya kaye

Laza kaye kabisa, simu iwe juu yake sawasawa, ukurasa wote uonekane pamoja na mstari wa jumla. Mwanga wa mchana karibu na dirisha ni bora kuliko flashi, ambayo huacha doa jeupe katikati ya karatasi, mara nyingi juu ya namba unayoihitaji. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, maana picha ya kawaida hubanwa na mistari myembamba ya biki hufifia.

Kaye zetu nyingi zina karo, na hapo ndipo penye mtego. Vijiti vya kuhesabia vikichorwa kwa biki ya bluu juu ya karo za bluu, picha ikibanwa huwezi kutenganisha kijiti na mstari wa karatasi. Tumia biki nyeusi au nyekundu, na chora vijiti vikubwa kuliko karo moja.

Wengi waliopita shule za Kifaransa hawahesabu kwa vijiti vinne na cha tano cha kukata. Wanachora mraba: mirusho minne ni pande nne, wa tano ni mstari wa kukata kutoka pembe hadi pembe. Kwa hiyo mraba uliokatwa ni 5, mraba usiokatwa ni 4, na pande tatu ni 3. Anayesoma picha lazima ajue alama hizo, na lazima akuze picha aone kama mraba wa mwisho umekatwa kweli au ni kivuli tu.

Kaye ya Birere ina safu tatu: uso wa dadu, miraba, na namba iliyoandikwa kando. Chini kuna jumla, 180. Muundo huu ni mzuri kwa sababu unatoa ushahidi mara tatu: namba, miraba na jumla. Picha yenye namba peke yake ni dhaifu zaidi, na ukiweza omba nyingine.

Kusoma namba: kosa la 6 lililotaka kuharibu hukumu

Kwa mara ya kwanza mwalimu alisoma namba hivi, kuanzia uso wa 1 hadi wa 6: 22, 27, 31, 26, 33, 47. Zijumlishe: 186. Jumla ya kaye ni 180. Hesabu isimame hapo hapo, asiguse fomula.

Ukubwa wa tofauti unasema mengi juu ya kosa lenyewe. Tofauti ya 6 katika tarakimu ya mwisho kwa kawaida ni 1 iliyosomwa 7, au 0 iliyosomwa 6. Tofauti ya 5 inaelekea kwenye 3 na 8, au 4 na 9. Tofauti inayogawanyika kwa 9 inaonyesha tarakimu zimegeuzwa, kama 13 kuandikwa 31. Kwa maandishi yetu kosa la 1 na 7 ndilo la kawaida kabisa, kwa sababu 1 ya mkono wa Kifaransa ina mkia mrefu unaopanda kutoka kushoto, na 7 inajulikana tu kwa kamstari kake ka katikati. Kamstari kakipotea katika picha, au mstari wa karo ukipita katikati ya 1, zinabadilishana sura.

Katika orodha ile kuna 7 mbili: 27 na 47. Inaelekea moja kati yao ni 1, lakini ipi? Kukisia ni vibaya. Hapa miraba inaamua. Kwenye uso wa 2, ukikuza picha, kuna miraba mitano iliyokatwa na pande mbili: 27, sawa. Kwenye uso wa 6 kuna miraba minane iliyokatwa na upande mmoja: 41. Basi namba sahihi ni hizi:

| Uso | Zilizotokea |
|---|---|
| 1 | 22 |
| 2 | 27 |
| 3 | 31 |
| 4 | 26 |
| 5 | 33 |
| 6 | 41 |
| Jumla | 180 |

Kama namba moja haisomeki kabisa, unaweza kuipata kwa kutoa nyingine tano kutoka kwenye jumla. Ila ujue umeitumia jumla kama chanzo, kwa hiyo haiwezi tena kukukagua. Kosa katika namba nyingine litahamia kimya kimya ndani ya ile uliyoijaza.

Hesabu yenyewe

Dhana ya kuanzia ni kwamba dadu ni ya haki: kila uso una nafasi 1 kati ya 6. Kwa mirusho 180, matarajio ya kila uso ni 180 ÷ 6 = 30. Hatutegemei 30 kamili. Swali ni kama kupishana tunakokuona kumezidi kule ambako bahati peke yake huleta.

Kwa kila uso chukua iliyotokea (T), toa matarajio (M), zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa matarajio. Halafu jumlisha zote sita:

```
χ² = jumla ya (T − M)² / M
```

Kwa kuwa M ni 30 kwa kila uso, fanya mraba kwanza, jumlisha, na ugawe mara moja mwishoni. Uso wa 1: 22 − 30 = −8, mraba wake 64. Uso wa 2: −3, ni 9. Uso wa 3: 1, ni 1. Uso wa 4: −4, ni 16. Uso wa 5: 3, ni 9. Uso wa 6: 11, ni 121. Jumla ni 220, na 220 ÷ 30 = 7.33.

Kabla ya mraba kuna ukaguzi mdogo: tofauti zote sita, pamoja na alama zake, lazima zijumlike kuwa sifuri. Hapa −8 − 3 + 1 − 4 + 3 + 11 = 0. Zisipofika sifuri, matarajio au namba moja ina kosa.

Tumia idadi za mirusho, kamwe usitumie asilimia. Ukigeuza meza hii kuwa asilimia na kuweka matarajio ya 16.67, utapata karibu 4.07 badala ya 7.33, kama vile dadu imerushwa mara 100 tu. Picha yenye asilimia peke yake haipimiki mpaka ujue jumla ya mirusho. Na matarajio yasipungue 5 kwa kila uso, yaani mirusho 30 ndiyo sakafu ya chini. Chini ya hapo jedwali la kai-mraba halifuati ukweli vizuri.

Kulinganisha na mpaka

Mpaka unategemea digrii za uhuru. Nyuso ni sita, lakini jumla imefungwa kwenye 180: ukizijua tano, ya sita imeshajulikana (ndiyo ile hila ya kujaza namba isiyosomeka). Kwa hiyo digrii ni 5. Kwa digrii 5, dadu ya haki huvuka 11.07 katika majaribio 5 tu kati ya 100. Huo ndio mpaka wa asilimia 5, na nao uchaguliwe kabla ya kuona namba.

7.33 iko chini ya 11.07. Ukitaka thamani ya p, yaani nafasi ya dadu ya haki kutoa 7.33 au zaidi, programu ya R inaitoa kwa mistari miwili:

```
x <- c(22, 27, 31, 26, 33, 41)
chisq.test(x)
```

Katika Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iko kwenye mashine nyingi za Goma, andika hivi, na koma ya desimali badala ya nukta:

```
=LOI.KHIDEUX.DROITE(7,333;5)
```

Jibu ni karibu 0.197. Dadu tano za haki zikirushwa mara 180 kila moja, karibu moja kati yao itakuwa na meza iliyopindika kiasi hiki au zaidi. Huwezi kuihukumu dadu kwa ushahidi huo.

Sasa rudi kwenye 47. Kama mwalimu angeendelea na 186 bila kukagua, matarajio yangekuwa 31 na kai-mraba ingefika 12.32, juu ya mpaka, p karibu 0.031. Dadu ingetangazwa mbovu, mwenye meza angeitwa mwizi, na chanzo chake ni mkia wa 1 katika picha. Kupishana kunapigwa mraba, kwa hiyo kosa kwenye uso ambao tayari uko mbali linakua kuliko kosa kwenye uso ulio karibu na 30. Uso wenye namba kubwa kuliko zote ndio wa kukuziwa picha mara mbili.

Hukumu inasema nini, na haisemi nini

Jibu sahihi la kumrudishia aliyetuma picha ni hili: mirusho hii 180 haitoshi kuonyesha kwamba dadu si ya haki. Usimwandikie "dadu ni nzima". Mirusho 180 ni chujio lenye matundu makubwa. Chukua dadu inayotoa sita mara 1 kati ya 5 badala ya 1 kati ya 6, na nyuso nyingine zikigawana sawa kilichobaki. Ili jaribio hili la nyuso sita liikamate dadu hiyo katika majaribio 8 kati ya 10, inahitajika mirusho kama 1600. Kwa 180 itapita mara nyingi kuliko itakavyokamatwa, na huku mezani upendeleo huo unauma kabisa.

Kai-mraba ikiwa ndogo kupita kiasi nayo ina neno. Dadu ya haki yenye digrii 5 hushuka chini ya 0.55 mara 1 tu kati ya 100. Ukipokea meza ya 30, 30, 29, 31, 30, 30, ambayo inatoa 0.07, usishangilie. Fikiria kwanza kwamba kuna mtu aliijaza akiwa amekaa, bila kurusha chochote, na uombe kaye yenyewe.

Na ile sita?

Anayetazama meza hawezi kuacha kuona 41. Kishawishi ni kuachana na nyuso tano na kuipima sita peke yake: sita 41 dhidi ya matarajio 30, zisizo sita 139 dhidi ya 150. Hiyo inatoa 121 ÷ 30 + 121 ÷ 150 = 4.84, na digrii ni 1 tu, ambayo mpaka wake ni 3.84. Imevuka! Namba zile zile, hukumu mbili.

Ni ya kwanza tu inayosimama hapa. Ujumbe wa Birere ulisema "de haiko sawa", haukutaja uso wowote. Sita imechaguliwa baada ya kuonekana kuwa imejitokeza zaidi, na katika kila meza ya dadu kuna uso unaoongoza, hata dadu ikiwa safi. Kumpima aliyeongoza kwa mpaka uliotengenezwa kwa uso uliotajwa mapema ni kumwonea. Kama wangeandika kabla ya kurusha "tunashuku sita", basi 4.84 ingekuwa jaribio halali, na tena lenye nguvu kuliko lile la nyuso sita, kwa kuwa linaelekeza macho mahali pamoja.

Hata hivyo 41 isitupwe. Kuna sababu ya kimaumbile ya kuitilia maanani. Katika dadu, nyuso zinazotazamana zinajumlika 7, kwa hiyo mbele ya 6 kuna 1. Dadu ambayo alama zake ni vishimo vilivyochimbwa imepoteza plastiki zaidi upande wa sita kuliko upande wa moja. Upande wa moja ni mzito, unapenda kulala chini, na sita inabaki juu. Katika meza yetu sita imezidi kwa 11 na moja imepungua kwa 8, sura ile ile. Kai-mraba haikuona hilo, kwa sababu haijui ni uso gani unatazama upi. Ukizibadilisha namba mahali, jibu lake halibadiliki.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1894 Mwingereza Weldon alikusanya matokeo ya dadu 12 zilizorushwa pamoja mara 26,306. Nyuso za 5 na 6 zilitokea mara 106,602 kati ya 315,672, yaani asilimia 33.77 badala ya 33.33. Karl Pearson alizitumia namba hizo mwaka 1900 alipotoa jaribio hili la kai-mraba. Upendeleo ulikuwa mdogo sana, lakini mirusho ilikuwa mingi mno kwa bahati kuubeba.

Kwa hiyo mwalimu anarudisha maagizo. Ukurasa mpya wa kaye. Juu iandikwe: "Mirusho 360, tunapima sita peke yake, mpaka 3.84." Mirusho 180 ya zamani isichanganywe na mipya, maana ndiyo iliyotuonyesha pa kushuku na haiwezi kuwa shahidi tena. Safu ni mbili tu, sita na si sita, na biki ni nyeusi.

Tuseme picha ya pili inafika na sita 79, zisizo sita 281. Jumla 360, sawa. Miraba ya sita ni kumi na mitano iliyokatwa na mmoja usiokatwa, 75 na 4, ni 79. Matarajio ni 60 na 300. Tofauti ni 19 pande zote mbili, mraba wake 361. Kai-mraba ni 361 ÷ 60 + 361 ÷ 300 = 6.02 + 1.20 = 7.22, mbali juu ya 3.84, p karibu 0.007. Uso ulitajwa kabla, idadi ilipangwa kabla, picha imekaguliwa kwa njia tatu. Sasa mwalimu anaweza kuandika: "De hii inapendelea sita. Iondoeni mezani." Kwamba kuna mtu aliitengeneza makusudi, hilo hesabu haikuulizwa, vishimo vya kiwandani vinatosha kuleta namba kama hizi.